Shairi la Damu kwa Anayeogopa Sindano: Jinsi ya Kulitunga kwa Ubao wa Chuo na Kipaza Sauti

Kila mara timu ya damu salama inapopanga kuja chuoni, kamati ya wanafunzi humtafuta mtu mmoja "mwenye kalamu" na kumwambia atunge shairi la kuita watu. Kama mtu huyo ni wewe, jambo la kwanza la kuamua ni unamwandikia nani. Aliyekwisha kuchangia hahitaji shairi, anahitaji kujua siku na saa tu. Asiyetaka kabisa hatabadilishwa na beti saba. Msomaji wako ni wa katikati, yule mwanafunzi anayepita mbele ya bwalo mara mbili, anachungulia mlangoni, kisha anajikumbusha kwamba ana kipindi.

Mtu huyo hazuiwi na ukosefu wa huruma. Anaogopa mambo manne, na ukikaa naye atakutajia yote: sindano itauma, nitaanguka mbele za watu, damu yangu itapungua, na je, wakinikuta na kitu? Mashairi mengi ya damu hayamjibu hata swali moja kati ya hayo. Humwita shujaa, humwambia kwamba kina mama wanakufa, humaliza kwa "changia, okoa maisha." Yeye hayo anayajua. Asichokijua ni atakachofanyiwa akishavuka ule mlango, na anayetulizwa ni yule aliyeambiwa mapema kitakachotokea, hatua kwa hatua, na sehemu inayouma ikiwemo. Shairi lako basi liwe simulizi fupi ya safari kutoka mlangoni hadi kwenye soda.

Kwanza jua safari yenyewe

Usitunge kwa kukisia. Nenda ukamwone muuguzi wa kituo cha damu au ukachangie mwenyewe, ushike mpangilio. Kwa Tanzania, kwa timu za Mpango wa Taifa wa Damu Salama, mambo huenda hivi. Unaandikishwa na kujaza fomu yenye maswali ya afya na ya maisha binafsi. Unapimwa uzito na presha. Kisha unatobolewa ncha ya kidole ili ijulikane kama wekundu wa damu unatosha. Kipimo cha zamani, ambacho bado utakikuta mahali pengi, ni chupa yenye maji ya rangi ya bluu, yaani mrututu. Tone la damu yako huangushwa humo. Likizama upesi, damu ni nzito ya kutosha. Likielea au kusitasita, leo hutachangia. Mahali pengine kuna mashine ndogo inayosoma kiwango, na kinachotafutwa kwa kawaida ni angalau gramu 12.5 kwa desilita.

Ukipita hapo unalala au unaegemea kitanda, mkono unafungwa kamba juu ya kiwiko, ngozi inasafishwa, na sindano inaingia. Sindano hiyo huja imeungana na mfuko wake ndani ya pakiti iliyofungwa. Inafunguliwa kwa ajili yako peke yako, na baada yako inatupwa. Damu inayochukuliwa ni kama mililita 450, na kujaa kwa mfuko huchukua dakika tano hadi kumi hivi. Baada ya hapo ni pamba, plasta, na kukaa robo saa ukinywa kitu chenye sukari.

Mtu mzima ana damu kama lita tano. Maji ya damu iliyotoka hurudi ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kujengwa upya. Ndiyo maana mwanamume hurudi kuchangia baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Utakuja kuona kwamba tofauti hiyo ya siku na wiki inaweza kuharibu au kuokoa mstari mzima wa shairi.

Bahari mbili, kwa kazi mbili

Watu hutunga shairi moja, wakalibandika ubaoni na kulisoma lile lile kwenye kipaza sauti. Ubaoni linaweza kusomeka vizuri tu, lakini kwenye spika likageuka kelele. Sababu ni urefu wa mstari. Tarbia ya kawaida ina mizani 16 kwa mstari, na kina cha kati na cha mwisho. Jicho huweza kurudi nyuma likatafuta kina kilipo, sikio haliwezi. Spika za honi zinazofungwa juu ya gari au juu ya paa la bwalo hutoa sauti inayogonga kuta za mabweni na kurudi, kiasi kwamba neno la mwisho la mstari hukanyagana na la kwanza la mstari unaofuata. Mstari ukiwa mfupi na ukafuatwa na kituo, mwangwi hupata nafasi ya kufa.

Kwa hiyo utenzi ndio wa kipaza sauti: vipande vinne, kila kimoja mizani minane, vitatu vya kwanza kwa kina kimoja na cha nne kwa kina cha bahari kinachojirudia hadi mwisho. Tarbia ibaki ubaoni. Kuna faida nyingine ya utenzi ambayo wengi hawaifikirii. Anayesikiliza spika yuko njiani, atasikia beti mbili, labda tatu, na huwezi kujua ni zipi. Kila ubeti basi usimame peke yake na umpe jambo moja kamili, hata kama hakusikia uliotangulia.

Huu hapa utenzi wa beti saba, kina cha bahari *ma*. Kina hicho kimechaguliwa kwa sababu lugha imekijaza maneno yanayofaa hapa: salama, pima, koma, simama, heshima. Ukichagua *mu* kwa sababu ya neno "damu" utakwama ubeti wa tatu.

Mwanafunzi, karibia,
bwaloni tumeingia,
kama hujawahi, pia
njoo uulize hima.

Asubuhi kula shiba,
kunywa maji ya akiba,
njaa usije kubeba,
tumbo tupu si salama.

Utaulizwa maswali,
ujibu yote kwa kweli,
siri yako kwa kufuli,
kisha kidole twapima.

Utalala kitandani,
mkono wazi pembeni,
sindano mpya mwilini,
itauma, itakoma.

Dakika kumi hupita,
chini ya nusu ya lita
ndicho tunachokipata,
mwili hurudisha vyema.

Usikimbie kutoka,
soda na keki zafika,
kichwa kikikuzunguka
lala, usije simama.

Ukiambiwa si leo,
huko si kushushwa cheo,
tutapanga marejeo,
uje tena kwa heshima.

Mistari iliyopigwa kalamu

Shairi la aina hii hujengwa zaidi kwa kufuta kuliko kwa kuongeza, kwa hiyo tuangalie mistari iliyokuwa na mizani sahihi lakini ikaondolewa.

Ubeti wa sindano ndio moyo wa shairi, na ndipo watungaji wengi hudanganya. Mstari unaokuja haraka ni "hutahisi maumivu." Una mizani minane, unateleza vizuri, na ni uongo. Mwanafunzi wa kwanza atakayechomwa atatoka nje na kuwaambia wenzake kwamba inauma, na kuanzia hapo hakuna atakayeamini chochote kilichosemwa na spika yako, hata yale ya kweli. Sindano ya kuchangia ni nene kuliko ya chanjo. Inachoma wakati wa kuingia, kwa sekunde chache, kisha maumivu hulegea na kubaki kama kitu kinachobana. Wengine husema kidole kiliwauma zaidi kuliko mkono. Hayo ndiyo ya kumwambia.

Jaribio la pili lilikuwa "huuma kisha huzima." Kwenye karatasi halina kosa: maumivu yanawaka kisha yanazimika. Sasa lisome kwa sauti kubwa uwanjani, kwa watu ambao tayari wanaogopa kuanguka. Watakachosikia ni *kuzimia*. Umewaambia kwa kipaza sauti kwamba sindano huuma kisha mtu huzirai. "Itauma, itakoma" una vitenzi viwili tu, cha kwanza kikikiri na cha pili kikiweka mpaka, na hakuna neno linaloweza kusikika vingine. Hapo kuna kanuni ya kupima kila mstari: usiulize tu unamaanisha nini, uliza nusu yake ikimezwa na upepo kinabaki nini.

Katika ubeti wa tatu, kipande cha siri kilianza kuwa "siri haiendi mbali." Msomaji mkali atauliza mara moja: kwa hiyo inaenda karibu? Chuoni karibu ndiko kunakotisha, maana anayeuliza maswali anaweza kuwa anasoma darasa moja na dada wa anayejibu. "Siri yako kwa kufuli" haikuachi na swali hilo. Lakini usiutie mstari huo kabla hujahakikisha kwamba ni kweli kwa siku yenu. Nenda uangalie meza ya maswali itakaa wapi. Kama imepangwa mlangoni, foleni ikiwa nyuma ya mgongo wa anayejibu, kufuli yako ni ya maneno tu. Iombe timu isogeze meza pembeni au iwekwe pazia, ndipo usome ubeti wako.

Ubeti wa tano ulitaka kuishia na "mwili hujaza mapema." Hapa ndipo ile tofauti ya siku na wiki inapoingia. Maji hurudi mapema, chembe nyekundu hazirudi mapema. Mwanamichezo wa chuo akisikia "mapema" atakwenda kukimbia jioni ile ile, miguu ikimlegea atasema tulimdanganya. "Mwili hurudisha vyema" haukutaja muda, na muda kamili utaelezwa na muuguzi. Huo ndio ustaarabu wa shairi la afya: pale ambapo ukweli hauingii ndani ya mizani minane, sema sehemu ambayo ni kweli kabisa, nyingine iache kwa mwenye fani.

Na neno "mpya" katika "sindano mpya mwilini" lisiguswe. Lina mizani miwili, m-pya, na limebeba jibu la hofu ambayo watu huona haya kuitaja, ya kuambukizwa kwa kuchangia. Mtu akijaribu kulibadilisha kuwa "sindano kali" ili kipande kiwe na mshindo, mkatalie.

Kuzirai: usikwepe

Watungaji wengi huruka suala la kuanguka kwa kudhani kulitaja ni kulialika. Mimi naona kinyume. Anayechangia mara ya kwanza ndiye hasa anayeweza kupatwa na kizunguzungu, hasa akiwa kijana, mwepesi wa uzito, na hajala. Kinachotokea ni kwamba mishipa ya fahamu, kwa hofu au kwa kupungua kwa ujazo wa damu, huupunguza mwendo wa moyo na kuilegeza mishipa ya damu, presha inashuka, na ubongo unapata damu kidogo kwa muda. Mwili hutoa taarifa kabla: miayo isiyo ya usingizi, jasho baridi kwenye paji la uso, midomo kupauka, kichefuchefu, masikio kuvuma. Mtu akilala chali miguu ikainuliwa, kwa kawaida hali hurudi ndani ya dakika chache.

Hatari kubwa si kuzirai kwenyewe bali ni kuzirai ukiwa umesimama, ukapiga kichwa sakafuni. Ndiyo maana ubeti wa sita hausemi "usiogope" bali unatoa amri: "lala, usije simama." Kijana aliyesikia amri hiyo mara tatu tangu asubuhi ataikumbuka atakapokuwa peke yake kwenye ngazi za hosteli na kichwa kikaanza kuzunguka, maana mara nyingine hali hii humjia mtu akishatoka bwaloni. Ukikosa nafasi ya beti saba, ubeti huu na wa pili ndio wa mwisho kukatwa. Kula na kunywa maji kama nusu lita karibu na saa ya kuchangia hupunguza kweli uwezekano wa kuanguka, na hilo ni jambo ambalo shairi linaweza kulitenda kwa msikilizaji kabla hata hajafika.

Kuna mbinu nyingine ambayo haikuingia kwenye mizani lakini inafaa iandikwe chini ya shairi ubaoni: ukiwa kitandani, pishanisha miguu, kaza misuli ya mapaja na ya makalio kwa sekunde chache, legeza, rudia. Husukuma damu kurudi juu, na tena humpa mwenye hofu kitu cha kufanya badala ya kuutazama mfuko.

Yasiyofaa kuwamo

Kuna chambo kimoja ambacho kamati hukipenda sana: "Njoo uchangie, ujue afya yako bure." Ni kweli damu yote hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Lakini usiligeuze hilo kuwa mwaliko. Mtu ambaye wiki iliyopita alijiingiza kwenye hatari na sasa ana wasiwasi, ndiye hasa atakayevutwa na mstari huo. Maambukizi mapya huweza kupita kwenye kipimo bila kuonekana kwa muda fulani, na wakati huo damu yake tayari inaweza kumwambukiza mgonjwa. Mtu huyo anahitaji kituo cha ushauri nasaha na upimaji, na pale ubaoni unaweza kumwandikia kilipo, kwenye tangazo tofauti kabisa. Mstari "ujibu yote kwa kweli" una kazi hiyo hiyo. Unalinda mfuko wa damu kwa njia ambayo maabara peke yake haiwezi.

Usiandike pia "shujaa," "jasiri," wala "mwoga." Kwenye foleni kutakuwa na binti wa kilo 46, kutakuwa na mama anayenyonyesha, kutakuwa na kijana aliyetoka kuugua malaria, na mwingine ambaye tone lake litaelea kwenye mrututu. Wote watarudishwa. Kama spika imekuwa ikiimba ushujaa tangu asubuhi, hao wanatoka mbele ya wenzao wakiwa wamevuliwa kitu, na mwaka kesho hawatakuja hata kama wanafaa. Ubeti wa saba uliwekwa kwa ajili yao, na uzito wake wote uko katika "huko si kushushwa cheo." Ni mzaha mdogo, lakini ni mzaha wa chuoni, mahali ambapo kila mtu anajua maana ya kushushwa.

Na picha za ajali, damu barabarani, watoto wanaolia: ziache. Mwenye hofu ya damu humtulizi kwa kumwonyesha damu.

Ubeti wa ubaoni

Ubaoni msomaji amesimama, ana nusu dakika, na pengine anajifanya anatafuta ratiba ya mitihani. Hapa mstari mrefu unafaa, maana unaruhusu kumwelezea hali yake mwenyewe. Ubeti mmoja wa tarbia unatosha, uandikwe kwa herufi kubwa juu ya tangazo:

Umefika mlangoni, nyayo zinababaika,
Hofu iko kifuani, hiyo wala si dhihaka,
Muuguzi yu pembeni, uliza, hatakucheka,
Ingia, keti, uliza, ndipo uamue hapo.

Hesabu: u-me-fi-ka m-la-ngo-ni, minane. Nya-yo zi-na-ba-ba-i-ka, minane. Angalia kwamba *m* ya "mlangoni" imesimama kama mizani kamili, na ukimeza hiyo *m* mstari unachechemea. Katika mstari wa tatu mtu angeweza kuandika "nesi yupo kitandani," na mizani ingekaa sawa sawa na kina *ni* kingetimia. Ubandike hivyo uone chuo kizima kitakavyokufanya. Wanafunzi husoma mashairi ya ubaoni kwa jicho la kutafuta mzaha, kwa hiyo mpe mtundu mmoja alisome kabla hujalichapa.

Kibwagizo kimeachwa bila kufuata vina vya juu, na kwa makusudi kinasema "ndipo uamue." Mwenye hofu anaogopa pia kwamba akishaingia hataweza kutoka. Kumwambia kwamba kuingia si kukubali ndiko kunakomwingiza. Na ni haki yake kweli: anaweza kubadili mawazo hata akiwa kitandani, na muuguzi ataacha.

Chini ya ubeti ziwekwe habari za kawaida kwa maneno ya kawaida: siku, saa, mahali, umri kuanzia miaka 18, uzito kuanzia kilo 50, kuja na kitambulisho, na kwamba mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Hizo usizitie ndani ya beti. Siku na saa vikishaingia kwenye mizani, shairi linakufa Jumatano ile ile, na mwakani itabidi utunge jipya. Tena mtu anayetafuta saa hataki kuichimba kwenye vina.

Kusoma kwenye kipaza sauti

Anayesoma asiwe mwenye sauti kubwa kuliko wote. Awe mwenye haraka ndogo kuliko wote, maana sauti kubwa mashine inayo. Spika za honi, kukiwa na upepo na kelele za watu, humeza sauti nyembamba kama *s* na *f*, lakini irabu hupita. Kwa hiyo avute irabu kidogo mwisho wa kila kipande, anyamaze kwa muda wa pumzi moja, kisha aendelee. Mwisho wa ubeti anyamaze pumzi mbili. Kwa mwendo huo ubeti mmoja huchukua kama sekunde 12, na utenzi wote kama dakika moja na nusu, ambao ni urefu ambao watu huvumilia bila kuanza kulaani. Mdomo uwe kama shubiri moja kutoka kwenye kipaza, ukisogea karibu zaidi herufi *p* na *b* zitapiga kama mlango.

Aanze kwa mwito wa kawaida kabla ya ubeti wa kwanza, maana maneno ya mwanzo kabisa hakuna anayeyasikia: "Tangazo, tangazo kutoka bwalo kuu." Akimaliza beti aseme kwa nathari, mara mbili, pole pole: "Kuchangia damu ni leo, bwalo kuu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Umekula? Umekunywa maji? Karibu." Asubuhi asome beti zote. Mchana, wakati wa chakula, ubeti wa pili na wa nne pekee ndio unaofaa, kwa kuwa watu wako na sahani mkononi na neno la "kula shiba" linawakuta palepale. Kuelekea alasiri asome wa sita, kwa ajili ya waliokwisha kuchangia na wanatembea tembea chuoni. Wakati wa vipindi na swala anyamaze. Siku nzima ya spika huwachosha hata wale waliokuwa wanakuja.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio moja. Mtafute mwanafunzi ambaye hajawahi kuchangia, msomee utenzi mara moja, kisha mwambie akusimulie kwa maneno yake nini kitampata akiingia bwaloni. Akiweza kupanga kula, maswali, kidole, kitanda, sindano, soda, shairi limefanya kazi. Akikuambia "linasema tuokoe maisha," rudi ukaandike upya. Halafu mpelekee muuguzi kiongozi wa timu nakala, umwombe asahihishe mambo ya afya tu, vina akuachie wewe. Vigezo na muda wa kurudia huweza kutofautiana kati ya nchi na nchi na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo shairi la mwaka jana nalo lipite kwake tena.

Na siku ya pili yake, bandua karatasi ubaoni. Kuna mtu atakusanya ujasiri wake wiki nzima, aje Jumatatu akute bwalo linafagiliwa, na huyo si rahisi kumrudisha.